Uliyoyasoma Chuoni Yamo Ukutani

(Maneno niliyoyasema katika ukumbi wa skuli, Mjini Unguja, mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda Omani na wazee wao. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza salamu tu.)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, maalim zetu, na nyinyi wanangu mnaosubiri viza.

Nianze na gari ya 505. Mgeni kasimama kituoni, anataka kwenda kupanda ndege. Gari inakuja, ubao wake wa mbele umeandikwa U/NDEGE. Kiswahili hakijui, ila ana kamusi mkononi, na kamusi inamwambia kwanza kabisa kwamba ndege ni kiumbe mwenye mbawa. Akiishia hapo, gari itamwacha. Akitulia kidogo atajiuliza: gari ya abiria inawapeleka watu kwenye ndege gani? Anachungulia ndani, anamwona mtu kapakata sanduku la safari. Anapanda, na kweli anafika uwanjani.

Sasa wewe ndiye mgeni, na kituo kiko Maskati. Ubao mbele yako una mimu, twee, alifu, ree. Kiarabu cha kuzungumza hukijui. Lakini Surat Al-Fil unaijua toka una miaka sita: “twayran abaabil”. Maalim alikwambia ni ndege, wale waliowatupia mawe watu wa tembo. Na utotoni ulirusha tiara ufukweni. Twee na ree ndizo hizo ubaoni, na ile yee ya katikati imegeuka alifu, jambo ambalo Kiarabu hulifanya mara kwa mara. Neno ni matwaar, kiwanja cha ndege. Waarabu nao wamepita njia tuliyopita sisi, wakatoka kwa ndege wa mbawa wakaenda kwa ndege wa chuma.

Haya ndiyo niliyokuja kuyasema. Sisi tuliosoma chuoni tunafika Arabuni na akiba tusiyoijua. Herufi tunazo. Maneno mengi yamo ndani ya Kiswahili chetu. Na aya tulizohifadhi zina mizizi ya karibu kila kitu kinachoandikwa mlangoni. Lakini akiba hiyo hatuitumii. Tunayasoma maandishi ya ukutani kama tunavyosoma juzuu, kwa sauti nzuri na bila maana, kisha macho yanatafuta mstari wa Kiingereza chini yake. Vibao vikubwa vya barabarani Omani vina mstari huo. Karatasi aliyoibandika mlinzi getini mara nyingi haina, wala maandishi ya rangi ubavuni mwa tangi. Ninayazungumzia hayo madogo, kwa sababu ndiyo yanayokuhusu siku hadi siku.

Kikwazo cha kwanza ni irabu. Chuoni kila herufi imevishwa: fat-ha, kasra, dhumma, sukuni, shadda. Toka alifu kwa ujiti mpaka unahitimu, hujawahi kuliona neno liko uchi. Barabarani maneno yote yako uchi. Unachopewa ni herufi, na sauti ndefu tatu tu, za alifu, wau na yee. Kwa hiyo hizo tatu zishike kama unavyoshika kamba ya ngarawa, kwa sababu ndizo zinazotenganisha neno na neno.

Hili nililijua kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza Maskati, mwezi wa sita, jua la saa saba mchana, niliona duka lina maandishi ya bee, ree, yee, dali. Nikasoma “baridi”. Nikasema hapa pana maji ya barafu. Nikaingia, nikakuta kaunta, watu kwenye foleni, na kila mmoja ana bahasha mkononi. Ilikuwa posta.

Tulichambue kosa lenyewe. Kitu cha baridi kwa Kiarabu ni baarid, na alifu yake huandikwa mara baada ya bee. Neno nililoliona halikuwa na alifu hata moja. Lilikuwa na yee kati ya ree na dali, kwa hiyo ni bariid, na bariid ni posta. Herufi zilinambia waziwazi, nami nikazipuuza kwa sababu nilikuwa na kiu na Kiswahili changu kilinipa neno tayari.

Kuna sababu nyengine inayotupata sisi watu wa chuo hasa. Katika misahafu mingi alifu nyingi hazimo ndani ya neno, zimechorwa ndogo juu yake. Itazameni Fatiha, “Maaliki yawmid-diin”: mimu, lamu, kafu, na alifu ndogo juu ya mimu. Tumezoea kuvuta sauti pasipo na alifu kamili, basi tukifika barabarani tunavuta pia. Maandishi ya leo hayako hivyo. Ukiacha maneno machache kama jina la Mwenyezi Mungu, alifu ikiwa ipo imeandikwa, na ikiwa haikuandikwa haipo.

Sasa tuje kwenye kuvua neno nguo zake za juu. Mwanzoni mwa neno mara nyingi utakuta alifu na lamu. Hizo ziweke pembeni, ni alama ya kitu kinachojulikana. Ukikuta lamu mbili zimeongozana mwanzoni, ya kwanza ni “kwa ajili ya”. Mwishoni ukikuta ile tee iliyofungwa, nayo iweke pembeni. Kinachobaki, mara nyingi ni herufi tatu za mzizi, pengine na mimu mbele yake.

Mimu hiyo mnaijua. Pa hukumu ni mahakama. Pa darasa ni madrasa. Pa vitabu ni maktaba. Kiswahili kilizichukua jozi hizi zikiwa nzima, kwa hiyo mtu wa Unguja asiyejua nahau hata kidogo anayo kanuni masikioni: mimu mbele ya mzizi inaweza kuwa mahali. Basi ukisimama ndani ya jengo, juu ya mlango kuna mimu, khee, ree, jimu, usiseme hulijui neno hilo. Umelitamka mara mia. Maalim wa tajwidi alikuwa akikwambia, “Mwanangu, toa herufi kwenye makhraji yake!” Makhraji ni pahala herufi inapotokea, kooni au kwenye midomo. Na pale juu ya mlango ni hilo hilo, pahala pa kutokea. Mlangoni mwa mkahawa utaona mimu, twee, aini, mimu. Ondoa ile mimu ya mbele, bakia na “twaamil miskiin” ya Surat Al-Maun. Ni pahala pa chakula.

Lakini si kila mimu ni mahali. Tazama kabla ya herufi ya mwisho: ikiwa pana wau, neno linaeleza kitu kilichofanywa hivyo. Maktaba ni pa vitabu, maktuub ni kilichoandikwa. Duka lenye maftuuh mlangoni limefunguliwa, mzizi ni ule wa Fatiha. Wau hiyo ikumbukeni, tutaihitaji baadaye.

Na kuna maneno yasiyokubali kuvuliwa hata ukiyakalia kutwa. Pembeni ya barabara, juu ya kijiduka chenye matairi, utaona bee, nuni, shini, ree. Mzizi hauna maana yoyote ya Kiarabu inayofaa pale. Basi litamke tu kwa sauti, huku ukikumbuka kwamba Kiarabu hakina herufi ya “p” wala ya “ch”, na bee na shini ndizo zinazoshika nafasi zao. Banshar. Sote hapa tunajua pancha ni nini.

Nije kwenye jambo linalonitia hofu zaidi, nalo ni neno dogo lililokaa katikati.

Kwenye bustani za kandokando ya barabara kule kuna matangi na mabomba ya kumwagilia. Maji yake aghlabu ni maji machafu ya mjini yaliyosafishwa kwa ajili ya miti. Tangini huandikwa: miyaah ghayr saaliha lish-shurb. Kijana wetu anapita, amechoka na kazi, anasoma. Miyaah, pana maa ndani yake, ni maji. Saaliha analijua, hata watoto wetu tunawaita Saleh na Saleha, wema, wanaofaa. Shurb analijua kwa sharubati, ni kunywa. Na lile “li” la mbele ni “kwa ajili ya”. Maneno matatu kati ya manne kayapata, tena kayapata sawasawa, na moyo wake umeshamwambia: maji mema ya kunywa. Lile moja alilolirukia ndilo lililobeba kila kitu.

Nalo analisoma mara kumi na saba kwa siku katika sala zake za faradhi. “Ghayril maghdhuubi alayhim.” Si wale walioghadhibikiwa. Ghayr ni “si”. Maji yasiyofaa kunywa. Neno limo kinywani mwake asubuhi na usiku, na tangini hakuliona, kwa sababu lilikuwa fupi na lile la mbele yake lilikuwa zuri. Kwa hiyo ninawaomba, panapohusika kitu cha kuingia mwilini, au waya wa umeme, msianze na maneno mnayoyajua. Anzeni kwa kuwinda ghayr, na laa, na mamnuu. Mkiona moja katika hayo, maana yote imegeuka kabla hamjasoma lililobaki.

Khalati yangu, Mungu amrehemu, alikwenda hija akiwa na kikaratasi shingoni kimeandikwa 70, nambari ya basi la kundi lake. Baada ya sala akatoka, akaona basi lina saba na sifuri kwenye kioo cha mbele, akapanda. Alizungushwa mpaka usiku. Halikuwa basi la 70, lilikuwa la 65.

Sita ya Kiarabu ina umbo la kukaribiana na saba yetu, na tano yao ni kiduara kama sifuri yetu. Sita na tano zikikaa pamoja, jicho letu linasoma sabini, na mtu anaapa. Sabini yenyewe kwa Kiarabu ni kitu kama panda ya manati kikifuatiwa na nukta, maana saba yao ni panda iliyo wazi juu, na sifuri yao ni nukta tu. Nane yao ni panda hiyo hiyo imepinduliwa. Nambari zenyewe, tafadhalini, zinakwenda kutoka kushoto kwenda kulia kama zetu, ingawa maneno yanakwenda kinyume.

Khalati alikuwa na msahafu mkobani. Laiti mtu angelimfungulia Fatiha tu! Aya saba, na kila aya ina nambari yake mwishoni, kuanzia bismillahi ambayo ni ya kwanza: moja mpaka saba zote ziko kwenye ukurasa mmoja. Akiendelea na Al-Baqara anazipata nane, tisa na kumi, na kwenye kumi anaiona ile nukta. Wanaomwandaa mzee kwenda hija hapa, muoneshe ukurasa huo kabla hujamuonesha kitu chengine.

Nimalizie na karatasi moja, tuisome pamoja neno kwa neno.

Mpwa wangu yuko Maskati. Siku moja alinipelekea picha kwenye simu: karatasi nyeupe imebandikwa kwenye geti la chuma, mistari miwili ya Kiarabu, na gari aliyopewa na tajiri wake imesimama hapo hapo mbele ya geti. Akaandika, “Shikamoo mjomba, hii inasema nini?” Nikampigia. Nikamwambia marahaba, nisomee wewe.

Akaanza. Mimu, mimu, nuni, wau, aini. Nikamwambia iangalie wau, iko wapi? Akasema kabla ya mwisho. Basi ni kitu kilichofanywa hivyo. Kimefanywa nini? Mzizi ni mimu, nuni, aini. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, “Wayamna-uunal maa-uun.” Surat Al-Maun tena, mwisho wake, wale wanaonyima watu msaada. Kunyima, kuzuia. Kilichozuiliwa.

Neno la pili lina alifu na lamu, akaziweka pembeni. Wau, kafu nzito, wau, fee. Hapa hakusubiri. Chuoni waqfu ni kusimama kwenye kisomo. Mali ya wakfu ni mali iliyosimamishwa, haiuzwi. Na mahujaji wana wuquuf ya Arafa. Kusimama kumezuiliwa.

La tatu: alifu, mimu, alifu, mimu. Akasema, “Imamu?” Herufi ni hizo hizo, ila hamza ya karatasini ilikuwa juu ya alifu, na ya imamu hukaa chini yake. Nikamuuliza, imamu anasimama wapi? Mbele. Neno ni amaama, mbele ya. La nne, baada ya alifu na lamu: mimu, dali, khee, lamu. “Yadkhuluuna fii diinillaahi afwaajaa,” wanaingia katika dini ya Mwenyezi Mungu makundi kwa makundi. Mzizi ni kuingia, na mimu mbele, haina wau: pahala pa kuingilia.

Kusimama mbele ya mlango kumezuiliwa. Juzuu Amma na Arafa vilitosha.

Lakini kusimama kwa nani? Karatasi haisemi. Mtu pia anasimama. Hapo herufi zimemaliza kazi yao, na aliyebaki ni geti lenyewe. Lilikuwa pana, la milango miwili, njia ya saruji inatoka ndani mpaka barabarani, na alama za matairi juu yake. Kilichokatazwa kusimama pale ni gari.

Mstari wa pili ulitupa tabu. Neno la kati, assayyaara, alilipata kwa Surat Yusuf, ule msafara uliopita kisimani, na leo ndilo jina la gari. La mwisho, almukhaalifa, lilimtoka lenyewe kwa Kiswahili: iliyokhalifu, kama tunavyosema mhalifu. Gari iliyokhalifu amri. Ila la kwanza, kitendo chenyewe, lilikuwa tee, sini, hee ya kooni, bee. Akasema “sahibu”. Nikamwambia sahibu ni kwa swadi, na hii ni sini, huwezi kubadilisha herufi ili neno likufae. Akasema “sahaab”, mawingu. Herufi za mzizi ni sawa kabisa. Ila mawingu na gari na geti havikukaa pamoja, naye mwenyewe alisikia kwamba havikukaa.

Hapo ndipo nilipofurahi naye. Hakulazimisha. Alisema, “Mjomba, hiki kitendo sikijui. Lakini ni kitu anachofanyiwa gari aliyekhalifu, na mimi ndiye niliyekhalifu.” Akaiondoa gari.

Usiku nikaenda kwa maalim wangu baada ya isha, nikamsomea zile herufi. Hakufungua kitabu. Alisoma Surat Al-Qamar, aya ya 48: “Yawma yus-habuuna fin-naari alaa wujuuhihim.” Siku watakayokokotwa motoni kifudifudi. Mzizi ni kukokota, na mawingu nayo yamepewa jina hilo kwa kuwa upepo huyakokota angani. Gari iliyokhalifu itakokotwa.

Nikampelekea mpwa wangu ile aya. Kesho yake akanambia amekwenda dukani kununua mkate, mlango wa kioo, juu ya mkono wake pameandikwa alifu, sini, hee, bee. Wenzake wawili waliotangulia walikuwa wakiusukuma. Yeye aliushika mkono ule, akauvuta kwake, ukafunguka.